Kufupisha kumbukumbu za kikao zilizochanganya Kiswahili na Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa makatibu na maafisa wa SACCOS wanaopokea kumbukumbu za vikao zilizoandikwa jinsi watu walivyozungumza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kisha wanatakiwa kutoa ufupisho wa kupeleka kwenye bodi. Tumechagua vikao vya kamati ya mikopo kwa sababu huko neno moja likiteleza, fedha za mwanachama huteleza nalo.

Kwanza, "muhtasari" ni nini hapa?

Tanzania watu wengi huita kumbukumbu kamili za kikao "muhtasari wa kikao", na ufupisho wake pia huuita muhtasari. Ukiandika "rejea muhtasari", msomaji hajui ashike karatasi ipi. Hapa "kumbukumbu" ni maandishi kamili ya kikao, na "ufupisho" ni yale uliyoyafupisha wewe. Chagua maneno yako mawili na usiyabadilishe mpaka mwisho wa waraka.

Tunaweza kuona mfano wa maandishi yenyewe?

Aya hii tumeitunga kwa mtindo unaokutwa sana. Tuseme kikao kilifanyika Jumatatu, 3 Machi 2025. Majibu mengi hapa chini yanairudia.

```
Loan officer alieleza kuwa member aliye-apply loan ya 3m
ana savings za 1.2m, so ana-qualify kwa sababu rule yetu
ni mara tatu ya savings. Interest ni 1% per month on
reducing balance, repayment 12 months. Guarantors wawili
wamesaini form, but mmoja bado ana balance ya loan yake,
kama 400k. Mwenyekiti alisema a-clear kwanza au atafutwe
mwingine before Friday, otherwise disbursement isifanyike.
Mjumbe mmoja ali-declare interest kwa kuwa mwombaji ni
shemeji yake, akatoka nje. Committee ika-approve subject
to hilo la mdhamini.
```

Ufupisho uandikwe kwa lugha gani?

Kwa lugha ya atakayeusoma na kuutumia, na iwe lugha moja. Kumbukumbu zinaweza kubaki na mchanganyiko kwa kuwa kazi yake ni kuhifadhi yaliyosemwa. Ufupisho unabeba uamuzi, na mchanganyiko ndani yake huficha mambo. Msomaji anapokuta "mdhamini" mstari wa pili na `guarantor` mstari wa tano, ana haki ya kudhani ni watu wawili wenye majukumu tofauti.

Kitakachobaki kwa Kiingereza ni kile tu ambacho msomaji atakitafuta kwa jina hilohilo: jina la fomu kama lilivyochapishwa, jina la akaunti kwenye mfumo wa kompyuta, kifupisho cha taasisi. Vingine vyote vina maneno, na mengi yamo tayari kwenye masharti ya chama chako.

Nianzie wapi kabla ya kuandika sentensi hata moja?

Soma kumbukumbu zote mara moja bila kalamu. Mara ya pili, pigia mstari kila neno linalotaja fedha, mtu mwenye wajibu, au hatua ya uamuzi, liwe la Kiingereza au la Kiswahili. Usipige mstari kila neno la Kiingereza. `So`, `actually` na `by the way` ni vipumuo vya mazungumzo, havina kazi kwenye ufupisho.

Halafu andaa orodha ya istilahi pembeni. Kwa kikao cha kurasa nne au tano, orodha ya maneno kumi hadi kumi na tano inatosha. Kila mstari uwe na mambo matatu: umbo lililotumika kwenye kumbukumbu, maana yake mahali pale, na neno moja ulilolichagua. Maumbo mawili yenye maana moja, kama `guarantor` na "mdhamini", yaende kwenye mstari mmoja. Umbo moja lenye maana mbili liandikwe mara mbili. Kosa la kawaida ni kutengeneza orodha kama kamusi, neno kwa neno, bila safu ya maana. Orodha ya namna hiyo itakuambia `interest` ni riba, na kwenye aya yetu itakuponza.

Itaniponza vipi?

`Interest` imetokea mara mbili. Ya kwanza ni riba. Ya pili, `ali-declare interest`, ni maslahi: mjumbe alitamka kuwa ana uhusiano na mwombaji, akajiondoa. Mtu akitumia kompyuta kubadilisha neno lote kwa mkupuo, ataandika kwamba mjumbe mmoja "alitangaza riba kwa kuwa mwombaji ni shemeji yake". Hilo lina unafuu kwa sababu linachekesha na litaonekana. La hatari ni lile lisiloonekana.

Chukua `balance`. Kwenye aya yetu imetumika mara mbili na zote ni salio la mkopo, yaani sehemu ya mkopo ambayo bado haijarejeshwa. Lakini ukurasa unaofuata wa kumbukumbu hizohizo mtu anaweza kusema `balance yake ni 1.2m` akimaanisha akiba. Ukiandika "salio" peke yake pande zote mbili, mwenye akiba ya milioni moja na laki mbili anasomeka kama mdaiwa. Dawa yake ni kutoliacha "salio" pekee hata siku moja: "salio la mkopo", "salio la akiba".

Je, Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo?

Kinayo, na ndiyo yanayosahaulika, kwa sababu macho yote huwa kwenye Kiingereza.

"Faida" ni mojawapo. Wanachama wengi husema "mkopo una faida asilimia kumi" wakimaanisha riba. Mhasibu wa chama anaposema "faida ya mwaka" anamaanisha kilichobaki baada ya kutoa gharama kwenye mapato. Na mwanachama anayeuliza "faida yangu iko wapi" huenda anauliza gawio. Hayo ni mambo matatu: riba, faida, gawio. Kwenye ufupisho, kila moja libaki na jina lake hata kama msemaji hakulitumia.

"Dhamana" ni jingine. Ni mali iliyowekwa, ni ahadi ya mtu, na mahakamani ni njia ya mshitakiwa kuwa nje. Kwenye mikopo, andika "mdhamini" kwa mtu na "dhamana" kwa mali. Msemaji akisema "dhamana yake haitoshi", usiamue mwenyewe kama ni mdhamini mwenye kipato kidogo au ni mali ya thamani ndogo. Tafuta mistari iliyotangulia, na ikikosekana, muulize.

Hisa, akiba, amana: mbona vyama jirani vinayatumia tofauti?

Ni kweli, na hapa mpaka wa nchi una maana. Kwenye SACCOS za Tanzania vitatu hivi hutenganishwa. Hisa ni mtaji wa umiliki. Akiba huwekwa kwa utaratibu, na ndiyo hupimiwa kiwango cha mkopo. Amana ni fedha za hiari ambazo mwanachama anaweza kuzichukua kwa masharti ya akaunti yake.

Kenya, mwanachama wa sacco husema "shea zangu" akimaanisha michango yake ya kila mwezi, ile inayozidishwa kupata kiwango cha mkopo. Kwenye vitabu, michango hiyo huandikwa `deposits`, na mtaji wa hisa huandikwa kivyake. Kwa hiyo `deposits` ya sacco ya Nairobi, kwa kazi yake, inakaribia akiba ya SACCOS ya Dodoma kuliko amana yake. Ukifupisha waraka kutoka ng'ambo ya pili, usitafsiri jina. Angalia fedha ile inafanya nini: je, inazidishwa kupata mkopo? Je, mwenyewe anaweza kuitoa akiwa bado mwanachama? Majibu hayo mawili ndiyo yatakayochagua neno. Liandike kwenye orodha yako pamoja na maelezo ya nusu mstari, na uyaweke maelezo hayo pia mara ya kwanza neno linapotokea kwenye ufupisho.

Kwa nini msisitizo mkubwa juu ya `reducing balance`? Siwezi kuandika tu "riba asilimia 1 kwa mwezi"?

Usiandike hivyo. Fanya hesabu uone. Mkopo ni Sh 3,000,000 kwa miezi 12, na tuseme mwanachama anarejesha mtaji wa Sh 250,000 kila mwezi. Riba ya asilimia 1 ikikokotolewa kwa salio la mkopo linalopungua, mwezi wa kwanza ni Sh 30,000, wa pili Sh 27,500, na inaendelea kushuka hadi Sh 2,500 mwezi wa mwisho. Jumla ni Sh 195,000. Riba hiyohiyo ikikokotolewa kwa mkopo wa awali kila mwezi, ni Sh 30,000 mara 12, yaani Sh 360,000.

Tofauti ni Sh 165,000, na yote imekaa ndani ya maneno mawili ya Kiingereza ambayo mfupishaji mwenye haraka huyaona kama mapambo ya kitaalamu. Vilevile usiigeuze asilimia 1 kwa mwezi kuwa asilimia 12 kwa mwaka eti ni kitu kilekile. Andika kipindi kilichotajwa. Kanuni tunayoishika ni kwamba riba hutajwa kwa vipande vitatu visivyoachana: kiwango, kipindi, na kinachokokotolewa.

Vitenzi kama `ika-approve` na `a-clear` nivifanyeje?

Vina sehemu mbili. Kiambishi cha Kiswahili kinakuambia nani na lini, mzizi wa Kiingereza unakuambia tendo. Hifadhi zote mbili. `Ika-approve` ni kamati, imeshatenda: "iliidhinisha". `A-clear` haina wakati uliopita ndani yake, ni agizo: "amalize". Ukiandika "alimaliza", umemfutia mtu deni.

Jihadhari zaidi na ngazi za uamuzi. Kujadili, kupendekeza, kuidhinisha na kutoa mkopo ni hatua nne. Watu husema "tulipitisha" kwa mbili za katikati bila kujali, na `tuka-recommend` husomwa haraka kama `tuka-approve`. Kamati iliyopendekeza kwa bodi haijaidhinisha, na mkopo ulioidhinishwa haujatolewa. Chagua kitenzi kimoja kwa kila hatua na ukae nacho. Kubadilishabadilisha vitenzi ili maandishi yapendeze ni sifa kwenye insha. Hapa ni hasara.

Nikishachagua maneno, je, nibadilishe yote kwa kompyuta mara moja?

Tafuta kwa kompyuta, lakini badilisha kwa mkono, kwa sababu ya ngeli. `Loan` watu huipatanisha kama nyumba: `loan hii`, `loan hizi`, `loan ile`, `loan zile`. Mkopo una ngeli nyingine: mkopo huu, mikopo hii, mkopo ule, mikopo ile. Kompyuta ikibadilisha neno tu, utabaki na "mkopo ile". Anayesahihisha baadaye hajui kama kosa lipo kwenye nomino au kwenye "ile", na akiandika "mikopo ile", mkopo mmoja umekuwa mingi bila mtu kugundua. Idadi ilikuwa imebebwa na kivumishi peke yake, kwa hiyo ione kabla ya kugusa chochote.

Msemaji akisema jambo kwa Kiingereza kisha akalirudia kwa Kiswahili, ni hoja moja au mbili?

Mara nyingi ni moja, na unaandika mara moja. Lakini linganisha kwanza. `Tume-suspend mikopo yote, yaani ile ya dharura tusitoe kwa sasa` ina "yaani", ila sehemu ya pili imepunguza ya kwanza: kutoka mikopo yote hadi ya dharura. Tofauti kama hiyo haiamuliwi na mfupishaji. Muulize msemaji, au mwenyekiti. Wakikosekana, andika kauli zote mbili kama zilivyo, ufupisho urefuke kidogo.

Maneno gani madogo yasiguswe?

`Otherwise`, `unless`, `at least`, `not more than`, `subject to`, na upande wa Kiswahili "isipokuwa", "angalau", "mpaka" na "kama". Hilo la mwisho linastahili neno. "Kama 400k" ni makadirio. Ukiandika Sh 400,000 bila "takriban", umelifanya kuwa deni lililothibitishwa, na afisa mikopo akikuta Sh 430,000 kwenye leja, kumbukumbu na ufupisho havitasema kitu kimoja.

Tarehe, saa na tarakimu?

`Before Friday` ni kabla ya Ijumaa: siku ya mwisho ni Alhamisi, 6 Machi. Lau ingekuwa `by Friday`, Ijumaa yenyewe ingehesabiwa. "Hadi Ijumaa" wengine huisoma hivi, wengine vile, kwa hiyo iepuke. Taja tarehe kamili, kwa sababu ufupisho husomwa wiki nyingine.

Saa ni mtego mkubwa kuliko tarehe. `Meeting ni saa 10` ikisemwa na mtu aliyekuwa anaongea Kiingereza sentensi iliyotangulia inaweza kuwa saa nne asubuhi au saa kumi jioni. Andika saa ya Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, baada ya kuhakikisha. Mkopo wa miezi sita na mkopo wa mwezi wa sita ni vitu viwili. Na `3m`, `400k`, "laki nne" zote ziandikwe kwa tarakimu kamili, ili jicho lilinganishe.

Basi ufupisho wa aya ile unakuwaje?

Kwa ajili ya bodi, hivi:

> Kamati iliidhinisha kwa sharti mkopo wa Sh 3,000,000 wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayokokotolewa kwa salio la mkopo linalopungua. Mkopo usitolewe isipokuwa, kabla ya Ijumaa, 7 Machi 2025, mdhamini mmoja mwenye salio la mkopo la takriban Sh 400,000 awe amelimaliza, au awe amepatikana mdhamini mwingine. Mjumbe mmoja alitangaza maslahi kwa kuwa mwombaji ni shemeji yake, akatoka nje.

Aya ya maneno 80 imebaki na maneno yapatayo 60. Usishangae. Aya yenye uamuzi na sharti haipungui sana. Kinachopungua ni kurasa za mjadala zilizoitangulia.

Tumeacha hesabu ya akiba, kwa kuwa kamati imeshairidhia, lakini tuliikagua: 1,200,000 mara tatu ni 3,600,000, na mkopo uko ndani yake. Msomaji angekuwa mkaguzi, tungeirudisha. Tarehe tumeiweka mbele ya njia zote mbili, kumaliza salio na kutafuta mwingine, baada ya kudhani kwamba katibu alimuuliza mwenyekiti na kujibiwa kuwa muda unahusu zote. Kumbukumbu zenyewe haziko wazi: huenda Ijumaa ilihusu mdhamini mpya tu. Na ingawa inavutia kuandika mjumbe alitoka nje "kabla ya uamuzi", aya haikusema hivyo.

Nikifupisha kwa Kiingereza badala ya Kiswahili, kuna la ziada?

Moja kubwa: jinsia. "Alisema", "mwombaji", "shemeji yake" hazisemi kama ni mwanamke au mwanamume, na Kiingereza kitakulazimisha kuchagua. Usikisie kwa jina wala kwa cheo. Rudia cheo chenyewe kila mara, mwombaji, mjumbe, mwenyekiti, hata kama sentensi itakuwa nzito. "Shemeji" nayo ina mawanda mapana kuliko neno la Kiingereza utakalolipata. Kwa ufupisho, kutaja kuwa ni ndugu kwa ndoa kunatosha.

Nitajuaje kuwa ufupisho uko sawa kabla ya kuupeleka?

Fungua ufupisho kwenye kompyuta, bonyeza `Ctrl+F`, na upitie orodha yako neno kwa neno. Kila umbo ulilolikataa likipatikana, ni kosa au ni jina rasmi. Kisha tafuta kila neno ulilolichagua, na kila linapotokea rudi kwenye mstari wake wa kumbukumbu uulize kama maana ni ileile uliyoiandika kwenye safu ya kati. Tarakimu zikague peke yake mwishoni, moja moja, huku ukiwa umefunika maneno yaliyo kando yake, maana jicho lililozoea sentensi husoma namba inayoitarajia.

Ukiweza, mpe mtu ambaye hakuhudhuria kikao asome ufupisho tu, kisha umuulize: fedha zitoke lini, na nini kikikosekana zisitoke? Akitoa jibu lisilolingana na kumbukumbu, sahihisha sentensi aliyoisoma. Usimweleze kwa mdomo, kwa sababu bodi haitakuwa na wewe pembeni.

Orodha ya istilahi niitupe baada ya hapo?

Ihifadhi, andika tarehe juu yake, na uanze nayo kikao kijacho. Baada ya vikao vitatu au vinne maneno mapya huwa machache. Neno likibadilika, kwa mfano masharti ya chama yakirekebishwa na akiba kupewa jina jingine, usiifute ya zamani. Andika neno jipya na tarehe lilipoanza, ili anayesoma ufupisho wa mwaka jana ajue lilikuwa linaitwaje.